"Si mkeka, mama, ni gemu": gurudumu la almasi na hela ya dagaa

Jirani yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwezi uliopita, ile wiki ya mbalamwezi ambayo mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani, alikaa nyumbani kuhesabu mtaji na mtaji ukawa haufiki. Akaja kwangu na simu mkononi. "Kaka, hebu nisomee hii." Ilikuwa orodha ya miamala ya simu: shilingi 2,500 kwenda namba ileile, mara 15, ndani ya wiki tano. Jumla shilingi 37,500. Yeye alikuwa ameshatoa hukumu. Mwanawe wa kidato cha pili ameanza kubeti.

Kijana akaitwa. Akaniamkia, akakaa kwenye ngazi, akaapa kwamba hajawahi kuweka mkeka hata siku moja. "Si mkeka, mama, ni gemu. Nilikuwa najaza almasi."

Alikuwa anasema kweli. Mama naye hakuwa amekosea sana. Mabishano yao ndiyo yanayosikika sasa kwenye nyumba nyingi zenye kijana na simu janja, kuanzia Buhongwa hadi Igombe, na sababu yake ni kwamba neno "gemu" limebeba vitu vitatu vinavyofanana kwa nje tu.

Cha kwanza ni gemu lenyewe. Kijana anapakua bure, anacheza, anashinda au anapigwa, hakuna anayemdai. Cha pili ni duka lililomo ndani ya gemu. Humo kuna nguo ya mchezaji, rangi ya bunduki au jezi, kila kitu na bei yake; ukilipa unapewa ulichokilipia. Unaweza kusema ni matumizi ya kipuuzi, lakini ni ununuzi wa kawaida, kama kununua kofia. Cha tatu ndicho kinachozua ugomvi. Hapo hununui nguo, unanunua nafasi ya kuipata. Unalipa, sanduku linafunguka au gurudumu linazunguka, na bahati ndiyo inayoamua ulichopata. Hiki nitakiita sanduku la bahati, liwe limechorwa kama sanduku, pakiti ya kadi za wachezaji wa mpira au gurudumu.

Kuna mtu atasema, mbona na sisi tunafanya hivyo kila siku? Nenda Mlango Mmoja uone mfanyabiashara wa mitumba anavyonunua belo lililofungwa. Hajui ndani kuna nini. Akifungua anaweza kukuta mashati mazuri matupu, anaweza kukuta yaliyochanika kwapa. Huo mfano naupenda kwa sababu unakaribia sana, na pale unapoachia ndipo mambo yanapoonekana. Mwenye belo baya huyauza mashati mabovu kwa bei ya kutupa na kurudisha sehemu ya mtaji. Hela ni yake na ni mtu mzima. Halafu muuza mabelo hapandishi bei ya belo la pili kwa sababu tu ameona la kwanza limekuudhi. Gurudumu alilozungusha kijana wa jirani yangu linafanya hilo la mwisho kabisa, na tena kwa hesabu iliyopangwa mapema.

Gurudumu lenyewe

Jina la gemu nitaliacha, maana magurudumu ya aina hii yako kwenye gemu kadhaa na kanuni yake ni moja. Kijana alinifungulia skrini na kunieleza kwa ufasaha ambao mwalimu wake wa hisabati angeufurahia.

Kuna vitu kumi kwenye duara. Kimoja ndicho kila mtu anakitaka, nguo ya pambano inayowaka moto mabegani. Vingine ni vijazio: begi, mwavuli wa kurukia, vipande vya karatasi vya kubadilishia hiki na kile. Kabla hujaanza unaruhusiwa kutoa vitu viwili usivyovitaka, vinabaki vinane. Kisha unazungusha. Ukishapata kitu, hicho hakirudi tena, kwa hiyo ukizungusha mara nane utakuwa umechukua vyote, pamoja na nguo ya moto. "Kwa hiyo anko, lazima upate," akaniambia. Maneno hayo ndiyo aliyojishawishi nayo, na ni ya kweli.

Tatizo liko kwenye bei ya kila mzunguko. Mzunguko wa kwanza ni almasi 9. Wa pili 19, wa tatu 39, wa nne 69, wa tano 99, wa sita 149, wa saba 199, na wa nane 499. Almasi ni sarafu ya humo ndani. Kijana alikuwa ananunua mafungu ya 100 kwa shilingi 2,500, maana yake almasi moja ni shilingi 25. Tukazigeuza pamoja kwenye daftari lake.

Mzunguko wa kwanza, shilingi 225. Hiyo ni hela ndogo hata kwa mtoto, haifiki bei ya soda. Mitatu ya kwanza kwa pamoja ni shilingi 1,675. Minne ya kwanza, shilingi 3,400. Mpaka hapo unaona umemaliza nusu ya safari, vitu vinne kati ya vinane vimeshatoka. Lakini njia nzima ni almasi 1,082, yaani shilingi 27,050, na mzunguko wa nane peke yake ni shilingi 12,475. Ukiwa nusu ya mizunguko, umelipa kama sehemu moja tu ya nane ya hela.

Kijana hakuwahi kuijumlisha. Si kwamba hajui kujumlisha. Skrini haimwonyeshi jumla. Inamwonyesha bei ya mzunguko unaofuata tu, tena kwa almasi. Shilingi ameshaziacha mlangoni alipobadilisha, na almasi haina sura ya hela ya mama.

Sasa tuje kwenye bahati. Mtu angedhani vitu vikiwa vinane, kila kimoja kina nafasi sawa, kwa hiyo nusu ya watoto watapata nguo kufikia mzunguko wa nne. Isingekuwa biashara. Kila kitu kwenye gurudumu kina uzito wake ambao mchoro hauuonyeshi. Vipande vinane vya duara vinaweza kuwa na upana mmoja machoni, ilhali kimoja kina nafasi ya kutoka mara moja tu katika mia. Tuichukue hiyo moja katika mia kwa mfano, na vile saba vingine tuviachie vigawane sawa nafasi zilizobaki. Weka watoto mia wazungushe. Kufikia mzunguko wa nne, ni kama watano tu watakaokuwa wameipata nguo. Kufikia wa saba, kumi na sita. Wale wengine themanini na nne watasimama mbele ya mzunguko wa nane, wameshalipa shilingi 14,575, wamebeba mabegi na miavuli wasiyoitaka, na wanaangalia bei ya almasi 499.

Kwa hiyo bahati karibu haiamui lolote kwenye gurudumu hili. Kazi yake ni kuwafikisha watoto wengi kwenye ngazi ya mwisho huku wakiamini kila mara kwamba huenda wakaishia ngazi ya chini. Lingekuwa duka la kawaida, nguo ileile ingeandikwa shilingi 27,050, na mtoto wa kidato cha pili angecheka akapita. Hapa ameanza na 225.

Ile ruhusa ya kutoa vitu viwili nayo ina kazi yake. Kijana aliitaja kama mbinu: "Mimi huwa natoa vile vibaya kwanza." Alijiona anauvuta mchezo uwe upande wake. Kumbe vinane vilivyobaki ndivyo vilivyopigiwa hesabu tangu mwanzo, bei ziko nane.

Chenji ya almasi 34

Nikamuuliza kwa nini alinunua mafungu 15. Hayo ni almasi 1,500. Gurudumu la mwezi uliotangulia alilimaliza lote, 1,082. Hili jipya amefika mzunguko wa sita, 384. Jumla 1,466. Zimebaki 34.

Almasi 34 hazitoshi mzunguko wa saba, maana huo unataka 199. Hazirudishwi kuwa shilingi. Lakini zinatosha kitu kimoja: mizunguko miwili ya kwanza ya gurudumu jipya, 9 na 19, jumla 28. Chenji yake ni kiingilio cha gurudumu lijalo. Mafungu ya sarafu na bei za vitu ndani ya gemu mara nyingi havigawanyiki vizuri, na kila mara kinachobaki ni kidogo mno kununulia kitu na kingi mno kukiacha kipotee. Mkinga wa duka la mtaani angekupa pipi badala ya chenji, ungeondoka nayo mkononi.

Hapa niseme kwamba si kila sanduku la bahati lina mwisho uliohakikishwa. Mengine, hasa ya kadi za wachezaji mpira, hurudisha kila kitu ndani kila unapofungua. Nafasi ya moja katika mia inabaki moja katika mia, hata kama umeshafungua mara tisini. Vijana wengi huamini kwamba "limekaribia kutoa". Halikaribii. Watoto mia wakifungua sanduku kama hilo mara mia kila mmoja, thelathini na saba hivi wataondoka bila kitu walichokitaka. Na ile sindano inayopunguza mwendo, ikapita polepole karibu na zawadi kubwa kisha ikaangukia begi, ni maonyesho tu. Mara nyingi matokeo huwa yameshatolewa na mtambo wa kampuni pale kidole kinapobonyeza. Kinachofuata ni katuni. Kuzungusha usiku wa manane, kufungua akaunti mpya, kubonyeza kwa kidole gumba, yote hayo hayaingii kwenye hesabu.

Mtu aliyewahi kusimama nyuma ya mashine ya dubwi kwenye kibanda cha mtaani ataitambua hali hii. Taa, mlio, karibu-kupata, na sarafu ndogo inayokufanya usione unatoa kiasi gani. Tofauti ni kwamba dubwi kisheria haliruhusiwi kuchezwa na mtoto. Michezo ya kubahatisha hapa nchini inasimamiwa na Bodi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na umri wa chini ni miaka 18. Gurudumu la kwenye gemu halikuulizi kitambulisho.

Kwa hiyo ni kamari au si kamari?

Wanasheria wa nchi mbalimbali wamegawanyika hapa, na wanachogombania ni jambo moja. Kamari kwa kawaida ina miguu mitatu: umeweka kitu cha thamani, bahati imeamua, na umeshinda kitu cha thamani. Miguu miwili ya kwanza kwenye sanduku la bahati haibishaniwi. Wa tatu ndio wenye utata. Nguo inayowaka moto mabegani ni kitu cha thamani? Kwa kawaida huwezi kuibadilisha kuwa fedha kwa njia ambayo gemu lenyewe limeruhusu.

Ubelgiji mwaka 2018 ilisema ndiyo, ni kamari, na ikayataja magemu ya kampuni kubwa likiwemo lile la mpira la FIFA 18. Mwenye gemu hilo, kampuni ya EA, akaacha kuuza sarafu zake nchini humo mwanzoni mwa 2019. Jirani zao Waholanzi waliitoza kampuni hiyohiyo faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaifuta, kwa hoja kwamba pakiti za kadi si mchezo unaojitegemea bali ni sehemu ya gemu kubwa la ustadi. Nchi mbili zinazopakana, gemu moja, majibu mawili. Australia haikuingia kwenye ugomvi wa neno. Tangu Septemba 2024 gemu jipya lenye masanduku ya kulipia hupewa daraja la kuanzia M, ambalo halishauriwi kwa walio chini ya miaka 15.

Mimi nadhani mzazi hahitaji kusubiri jina. Lile swali la "unaweza kutoa hela?" linamsaidia hakimu, halimsaidii mama muuza dagaa. Kwake, kutoweza kutoa hela ni ubaya zaidi. Mwenye mkeka angalau siku moja moja hurudi na kitu.

Lakini nisimtishe mtu kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2018 na Zendle na Cairns, uliohusisha wachezaji zaidi ya 7,000, ulikuta kwamba kadiri mtu alivyokuwa na matatizo makubwa ya kamari ndivyo alivyotumia zaidi kwenye masanduku haya. Uhusiano huo upo. Ila haujibu kipi kimezaa kipi. Inawezekana sanduku linamfundisha mtu kamari. Inawezekana pia mwenye udhaifu wa kamari ndiye anayevutwa na sanduku. Kwa hiyo kumwambia mtoto "utakuwa mcheza kamari" ni kusema usichokijua, naye atakiona upesi. Kumwonyesha 27,050 kwenye daftari lake mwenyewe ni jambo jingine.

Sasa hela ilitokaje kwenye simu ya mama? Wazazi wengi wameshaambiwa waweke nywila kwenye Google Play, na ni kweli ukifungua `Payments & subscriptions`, kisha `Budget & history`, utaona kila kilichonunuliwa kupitia hapo. Jirani yangu tulipofungua, palikuwa patupu. Kijana hakupita huko. Alikuwa ananunua kwa muuzaji wa kati: unamtumia namba yako ya mchezaji, ile `UID` inayoonekana kwenye wasifu wako, unamtumia hela kwa simu, na baada ya dakika chache almasi zinaingia. Nywila ya Google haiguswi kabisa. Kwenye simu ya mama muamala unaonekana kama hela iliyotumwa kwa mtu wa kawaida, jina la mtu wa kawaida, na kiasi kidogo ambacho ungedhani ni bando.

Na namba ya siri aliijua vipi? Mama mwenyewe alimpa. Kila jioni mikono ikiwa na magamba na vumbi la dagaa, kijana ndiye aliyekuwa anamlipia mwenye mzigo na kumsomea salio. Nyumba ngapi za huku ziko hivyo?

Cha kutazama basi ni taarifa fupi ya miamala, na umbo lake. Mkeka huja na viwango vinavyopanda na kushuka, na mara chache hela huingia. Almasi hutoka tu, kwa kiasi kilekile, kwa namba ileile, na hujikusanya kwenye siku chache. Kati ya ile miamala 15, saba ilitoka ndani ya siku mbili. Nilipomuuliza, akasema ndizo siku gurudumu la kwanza lilikuwa linaondolewa. Saa inayohesabu kurudi nyuma inakaa juu ya skrini, na mzunguko wa saba na wa nane peke yake vinahitaji almasi 698, karibu mafungu saba.

Mama alibadilisha namba ya siri palepale, nikiwa nimegeukia ziwani. Deni wakakubaliana alilipe kwa kwenda naye Mwaloni Jumamosi na Jumapili kupima dagaa kwa sado, na kila sado ikatajwa thamani yake kwenye lile daftari lenye hesabu ya almasi. Gemu hakulifuta, na mimi sikumshauri alifute.

Kijana alisikiliza yote kwa adabu. Alipoinuka kuondoka akasita mlangoni, akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Lakini anko, imebaki mizunguko miwili tu."

Nikampa kalamu. Akakaa tena kwenye ngazi, akaandika 199, chini yake 499, akazidisha kwa 25.